Mwanakombo na Elektroni Isiyokaa Kiinini

Tangazo la kazi lilisema kwamba mwombaji awe hajatimiza umri wa miaka arobaini na mitano. Mwanakombo Shaibu alikuwa na arobaini na minne, na mwezi wa kuzaliwa kwake ulikuwa umekaribia. Nafasi yenyewe ilikuwa moja tu: mkufunzi wa Fizikia katika chuo kimoja cha ualimu mjini Mtwara. Akiikosa hiyo, hapangekuwa na tangazo jingine la serikali ambalo jina lake lingeruhusiwa kuingia.

Nimeona vyema nieleze kwanza habari zake, kwa sababu mambo yaliyotokea siku ya usaili hayaeleweki bila kumjua. Alizaliwa Kilambo, pale ambapo mto Ruvuma unapanuka na kulegea kabla ya kufika baharini. Wazazi wake walilima mpunga na mihogo. Alichelewa kusoma; aliolewa, akazaa, kisha akarudi shuleni watoto wakiwa wamekwisha kuanza kutembea. Shahada yake ya ualimu wa Fizikia aliipata katika umri ambao wenzake wengi walikuwa wamekwisha kupanda vyeo. Tangu hapo alifundisha kwa kujitolea katika shule ya sekondari huko Nanyamba, kidato cha tatu na cha nne, huku mumewe Zuberi akishughulika na mikorosho. Kila nafasi ilipotangazwa aliomba. Kila mara ilichukuliwa na mwingine.

Wanafunzi wake walimpenda kwa jambo moja. Hakuwaruhusu kukariri kanuni kabla hawajaeleza kwa maneno yao inasema nini. Hata hivyo, kufundisha jambo lilelile kwa miaka mingi kuna athari yake kwa mwalimu mwenyewe. Nishati ya kitu kinachokwenda, kwa kidato cha tatu, ni nusu ya tungamo mara mwendokasi kipeo cha pili. Mwanakombo alikuwa ameiandika ubaoni mara nyingi kiasi kwamba mkono wake uliweza kuiandika huku macho yakimtazama mtoro dirishani. Kanuni hiyo ni sahihi kabisa kwa jiwe, kwa baiskeli na kwa mpira. Ndiyo iliyokuja kumponza.

Asubuhi ya usaili, waombaji waliobaki baada ya mtihani wa maandishi walikaa kwenye benchi nje ya ukumbi mdogo wa chuo. Karibu na Mwanakombo aliketi kijana mmoja wa mjini, mkazi wa Rahaleo, aitwaye Yassini, shati lake limenyooka kama karatasi mpya.

"Shikamoo, mama," alisema Yassini. "Umemsindikiza mwanao?"

"Marahaba. Nimekusindikiza wewe, mwanangu. Nimesikia hujui kufuta ubao."

Wengine kwenye benchi wakacheka. Yassini naye akacheka, lakini hakuacha. "Basi uniombee, mama. Maana hawa wanatafuta mtu atakayekaa miaka thelathini kazini, si wa kumpokea leo na kumwandalia sherehe ya kustaafu kesho."

Mwanakombo alijibu kwa tabasamu, ila maneno yale yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa yaleyale aliyoyaogopa.

Utaratibu wa usaili ulikuwa hivi. Kila mwombaji alivuta karatasi yenye mada, akapewa saa moja ya kuandika andalio la somo katika chumba kisicho na simu wala kompyuta, kisha akaingia kufundisha wanafunzi halisi wa chuo mbele ya wasaili. Nakala za andalio walipewa wasaili kabla ya somo. Alama nyingi zilitolewa kwa kulifuata: hatua zilizoandikwa ndizo zionekane ubaoni, kwa mpangilio uleule, na somo likamilike katika muda uliopangwa. Kila aliyesomea ualimu nchini humu anajua uzito wa andalio. Mwalimu anaweza kusamehewa mwandiko mbaya. Kuliacha andalio lake njiani hasamehewi kwa urahisi.

Karatasi ya Mwanakombo ilisema: "Eleza kwa makadirio ni kwa nini elektroni haiwezi kukaa ndani ya kiini cha atomi."

Alishusha pumzi. Mada hii aliisoma chuoni na aliipenda. Aliandika haraka. Nusu kipenyo cha kiini cha ukubwa wa kadiri ni mita tano gawanya kwa kumi kipeo cha kumi na tano. Kanuni ya kutokuwa na uhakika inasema kwamba ukikibana kitu mahali padogo, momenta yake, yaani tungamo mara mwendokasi, haiwezi tena kuwa hakika. Na mahali panavyozidi kuwa padogo, ndivyo hali hiyo ya kutokuwa na uhakika inavyokua. Akapata momenta. Kisha mkono wake, ule wa kidato cha tatu, ukaigeuza momenta kuwa nishati kwa kanuni uliyoizoea: momenta kipeo cha pili, gawanya kwa mara mbili ya tungamo. Jibu likawa MeV mia tatu sabini na nane.

MeV ni kipimo cha nishati kinachotumika kwa vitu vidogo kama hivi. Elektroni zinazochomoka kutoka kwenye viini katika mnururisho wa beta huwa na MeV chache tu, mara nyingi hata moja haifiki. Mia tatu sabini na nane dhidi ya chache! Mwanakombo alifurahi. Alidhani kwamba kadiri namba ilivyokuwa kubwa ndivyo hoja ilivyozidi kuwa na nguvu. Hakujiuliza namba hiyo imetoka wapi. Akaipigia mstari, akakabidhi andalio.

Wasaili walikuwa wawili. Bibi Rozalia, mwenyekiti, alikuwa bingwa wa mbinu za kufundishia, mama mtulivu mwenye miwani, ambaye hakuwa mtu wa Fizikia na hakuficha jambo hilo. Wa pili alikuwa Dakta Isaya, mwanafizikia, mtu mkavu ambaye waombaji waliotangulia walitoka mbele yake wakijifuta jasho.

"Karibu, Mwalimu," alisema Bibi Rozalia. "Una dakika thelathini. Tutakuwa kama hatupo."

Dakta Isaya alikuwa ameinamia nakala ya andalio, na kalamu yake ilikuwa imetulia katikati ya ukurasa wa pili.

Somo lilianza vizuri. Mwanakombo aliwaita wanafunzi wawili mbele, akawapa kamba ya kuruka aliyoiazima kwa mlinzi wa bweni. Wakaitikisa wakiwa wameachana mbali. Wimbi moja refu likaelea kati yao kwa ulegevu.

"Sasa sogeeni. Karibianeni zaidi. Kamba ileile, wimbi zima liingie katikati yenu."

Wakasogea, wakazidi kukaza mikono, na kamba ikaanza kuvuma.

"Mbona sasa mnatoka jasho?" aliuliza.

"Nafasi imekuwa ndogo, Madam!" alijibu mmoja huku akihema. "Wimbi fupi linataka nguvu!"

Darasa likacheka. Mwanakombo akaeleza kwamba elektroni nayo ina tabia ya wimbi. Kulibana wimbi katika nafasi finyu ni kulifupisha, na wimbi fupi lina momenta kubwa. "Lakini angalieni," aliongeza, "kamba ni mfano tu. Wenzetu hawa wametikisa kwa mikono. Elektroni hakuna anayeitikisa. Kubanwa kwenyewe ndiko kunakoilazimisha." Bibi Rozalia aliandika kitu na kuitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

Ikafuata hesabu. Ubaoni aliandika kwamba hali ya kutokuwa na uhakika wa mahali, ikizidishwa kwa ile ya momenta, haiwezi kupungua chini ya nusu ya namba ya Planck iliyogawanywa kwa pai mbili. Akaweka nusu kipenyo cha kiini. Momenta ikatoka: moja nukta sifuri tano, mara kumi kipeo cha hasi ishirini, kwa vipimo vya kawaida. Akaandika kanuni ya nishati, akaweka tungamo ya elektroni, akapata mia tatu sabini na nane. Akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Hapo ndipo binti mmoja wa mstari wa mbele, jina lake Saida, aliponyoosha mkono. Alikuwa ameshika kikokotoo na alionekana kuona haya.

"Madam, samahani. Nimegawanya hiyo momenta kwa tungamo, nione elektroni inakwenda kasi gani." Akasita. "Nimepata zaidi ya mita bilioni kumi kwa sekunde. Nimerudia. Labda nimekosea kubonyeza."

"Bilioni?" alidakia kijana wa nyuma. "Hiyo elektroni imepanda roketi gani? Mwanga wenyewe una milioni mia tatu tu!"

Kicheko kikazuka, kisha kikakatika ghafla, kwa sababu wanafunzi waliuona uso wa mwalimu.

Mwanakombo alitazama ubao. Bilioni kumi na moja na nusu. Mwendo wa mwanga mara thelathini na nane. Hakuna kitu chenye tungamo kinachoufikia mwendo wa mwanga, seuze kuupita. Kanuni aliyoitumia ni ya vitu vinavyokwenda polepole ukivilinganisha na mwanga, na yeye ameivalisha elektroni ambayo haistahili hata kidogo. Aligeuza macho kidogo tu upande wa wasaili. Dakta Isaya alikuwa ameinua kichwa kwa mara ya kwanza na kalamu yake alikuwa ameiweka mezani.

Kuna sentensi ambayo kila mwalimu anayo mfukoni. "Swali zuri sana, Saida, hilo litakuwa kazi ya nyumbani." Sentensi hiyo imewaokoa wengi. Ilikuwa imekwisha kumfika Mwanakombo kwenye ulimi. Angeitamka, angeendelea na hatua ya nne ya andalio, angemaliza kwa wakati, na hitimisho lake lingekuwa kweli: elektroni haikai kiinini. Hakuna ambaye angeweza kusema hitimisho ni la uongo. Muda uliobaki haukutosha kurudi nyuma na kumaliza pia. Mwezi wake wa kuzaliwa ulikuwa unakuja.

"Hukukosea kubonyeza," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea."

Akachukua kifutio. Akafuta mia tatu sabini na nane, mistari yake miwili, na kanuni iliyoizaa. Kiti cha Bibi Rozalia kikalia. Mama yule alikuwa amefunua andalio, akalitazama, akautazama ubao, akaandika.

"Momenta yetu ni sahihi," aliendelea Mwanakombo. "Ile haikutegemea kanuni niliyoifuta. Ubovu umeanza pale nilipoigeuza kuwa nishati. Kitu kikikaribia mwendo wa mwanga, nusu ya tungamo mara mwendokasi kipeo cha pili haifanyi kazi tena. Nani anakumbuka uhusiano wa nishati na momenta katika nadharia ya uhusianifu?"

Wachache wakafunua madaftari.

"Nishati kipeo cha pili," alisema Saida taratibu, "ni momenta mara mwendo wa mwanga, yote kipeo cha pili, jumlisha nishati ya utulivu kipeo cha pili."

"Vema. Nishati ya utulivu ya elektroni, ile iliyonayo hata ikiwa imesimama, ni nusu MeV. Tafuteni momenta mara mwendo wa mwanga, kila mtu kwa kikokotoo chake. Msinisubiri."

Vidole vikagonga. Mwanakombo alisimama ameshika chaki. Angeweza kulisema jibu mwenyewe na kuokoa dakika, lakini alijua kwamba darasa lililoona kosa lake halingemwamini kwa neno tu. Lilihitaji kulipata jibu lenyewe.

"Ishirini!" "Kumi na tisa nukta saba!" "Karibu ishirini, Madam."

"Na ile nusu ya utulivu?"

"Ndogo mno. Haibadilishi kitu."

Akaandika: karibu MeV ishirini. "Haya ndiyo makadirio. Elektroni ingekaa kiinini, ingehitaji kuwa na nishati ya MeV ishirini hivi, au zaidi. Sasa, elektroni za beta tunazozipima zikitoka..."

"Madam," kijana yule wa nyuma alimkatiza, safari hii bila mzaha, "protoni zina chaji chanya. Haziwezi kuivuta elektroni zikaishikilia humohumo, hata kama ina ishirini?"

Swali hilo halikuwamo katika andalio. Mwanakombo alifikiri kwa sauti, akiandika pembeni. "Kiini cha ukubwa huu kina protoni kama thelathini. Mvuto wa umeme wa protoni hizo kwa elektroni unafikia MeV tisa ukingoni, kumi na tatu katikati. Haufikii ishirini. Na ile nguvu kali inayozishika protoni na nyutroni, elektroni haiihisi kabisa. Kwa hiyo ingechoropoka."

"Dakika zimekwisha, Mwalimu," alisema Bibi Rozalia.

Hatua mbili za mwisho za andalio zilikuwa hazijaguswa. Mwanakombo alisema upesi, akiwa bado ameshika chaki: "Elektroni ya beta haikuwamo ndani ikisubiri mlango. Inazaliwa nyutroni inapogeuka kuwa protoni, na hapohapo inaondoka. Kishindo hakikai ndani ya ngoma." Akaweka chaki chini. Wanafunzi wakatoka.

Chumba kilibaki na watu watatu. Bibi Rozalia alikuwa wa kwanza kusema, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililomtia Mwanakombo hofu zaidi.

"Mwalimu, andalio lako lina hatua sita. Nimeona nne, na ya tatu umeifuta. Unafahamu kwamba kwa karatasi yangu hizi ni alama nyingi?"

"Nafahamu, mama."

"Basi nisaidie. Mimi si mtu wa Fizikia. Jibu la kwanza lilisema elektroni haikai. Jibu la pili likasema elektroni haikai. Ulifuta ya nini?"

"Kwa sababu wale watakuwa walimu, mama. Wangeondoka na hitimisho la kweli na njia ya uongo. Siku ambayo wataitumia njia hiyo kwa jambo jingine, hitimisho litakuwa la uongo pia, na hawatajua."

"Kwa mfano jambo gani?" Sauti hii ilikuwa ya Dakta Isaya, kavu kama mchanga. "Usituambie methali. Protoni inakaa kiinini humohumo. Imebanwa vilevile, kwa hiyo ina momenta ileile. Kwa nini hiyo haifukuzwi? Ubao huo hapo. Huna andalio."

Mwanakombo alisogea ubaoni. Aliinua chaki, na mkono wake ukaanza kuandika ile kanuni ya kidato cha tatu. Akausimamisha. Akafuta alama moja aliyokwisha kuiweka. Kwanza akagawanya momenta kwa tungamo ya protoni, ambayo inaizidi ya elektroni karibu mara elfu moja na mia nane, akapata mwendokasi: mita milioni sita na kidogo kwa sekunde.

"Hii ni kama asilimia mbili ya mwendo wa mwanga," alisema. "Kwa hiyo hapa ile kanuni ya kawaida inaruhusiwa." Ndipo akaitumia. "MeV sifuri nukta mbili. Nguvu za kiini huishikilia kila chembe kwa wastani wa MeV nane hivi. Mbili ya kumi haiwezi kuifukuza. Protoni inakaa."

Dakta Isaya aliangalia ubao. "Elektroni ulianza na nishati," alisema. "Protoni umeanza na mwendo. Kwa nini umebadili utaratibu?"

"Saida amenifundisha."

Dakta Isaya hakucheka, wala hakuonyesha kuridhika. Alikusanya karatasi zake tu. Bibi Rozalia ndiye aliyevua miwani, akatazama hesabu mbili zilizokuwa zimesimama sambamba ubaoni, moja ikiondoka na nyingine ikikaa, akasema kama anayejiambia mwenyewe, "Kumbe sasa nimeelewa." Kisha akamshukuru na kumwambia asubiri simu.

Nje, Yassini alikuwa bado yupo, amelegeza kola.

"Mama, wanasema umefuta ubao kweli," alisema.

"Nimefuta, mwanangu. Hesabu yangu mwenyewe."

Kijana alimsogezea nafasi kwenye benchi.

Kusubiri kulikuwa kugumu. Huko Nanyamba alirudi darasani kama kawaida, lakini Zuberi aliona jinsi mkewe alivyokuwa akiigeuza simu mara kwa mara kuhakikisha haijazimwa sauti.

"Unajutia?" alimuuliza jioni moja, wakibangua korosho za nyumbani.

"Najutia kosa. Kufuta sijutii." Akatupa ganda kando. "Lakini nikikosa, Zuberi, nitajutia yote mawili. Nisikudanganye."

Simu iliita siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Alikuwa Bibi Rozalia mwenyewe. Alieleza bila haraka, kama ilivyo desturi yake. Katika alama za andalio Mwanakombo alikuwa wa mwisho, na kijana wa Rahaleo alikuwa wa kwanza kwa mbali. Lakini kulikuwa na sehemu ya umahiri wa somo na ya kushughulikia maswali ya wanafunzi, na huko Dakta Isaya alikuwa amempa alama ambazo, kwa kumbukumbu ya mwenyekiti, hajawahi kumpa mtu. "Mimi nilikuwa na alama zangu za kukunyima, nikakunyima," alisema. "Hazikutosha. Umemzidi mwenzako kidogo sana, Mwalimu, lakini umemzidi. Uje na vyeti vyako halisi kabla ya mwisho wa mwezi, maana umri wako tumeuona."

Zuberi, aliyekuwa akimtazama tangu simu ilipoita, alisimama, korosho zikamwagika kutoka mapajani mwake.

"Wamesemaje?"

Mwanakombo alimpa simu, Bibi Rozalia akiwa bado hewani, asikie mwenyewe, akaingia ndani kutafuta vyeti.